Masalia ya modeli na ploti za msituni: jinsi ya kutambua ufanano wa majirani na kuamua la kufanya

Ploti mbili zilizo mita 250 kutoka moja hadi nyingine katika msitu wa Amani hufanana kuliko ploti mbili zilizotengana kilomita 20. Mvua ni ileile, udongo ni uleule, na kama magogo yalikatwa pale miaka 40 iliyopita, huenda zote mbili ziliguswa. Hilo peke yake si tatizo. Tatizo huanza pale modeli yako inapokwisha kueleza inachoweza, kisha yale yaliyobaki, yaani masalia, bado yanafanana kwa majirani. Hapo modeli inazihesabu ploti 96 kama ushahidi 96 unaojitegemea ilhali sehemu yake ni ushahidi uleule uliorudiwa, na makosa sanifu yanatoka madogo kuliko yanavyostahili. Kitaalamu huitwa otokorelesheni ya kimahali. Hapa tutasema ufanano wa majirani.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Namba za mfano zimetungwa kwa ajili ya kufundishia, si matokeo ya utafiti wowote. Mpangilio wake, hata hivyo, ni wa kawaida katika milima ya Usambara Mashariki: klasta 16, kila moja ina ploti 6 zilizopangwa kwenye mstari kila baada ya mita 250, na vitovu vya klasta vimeachana kilomita 4. Kila ploti ni mita 20 kwa 50, yaani hekta 0.1. Kinachoelezwa ni G, jumla ya maeneo ya mikato ya mashina kwa kimo cha mita 1.3, kwa mita za mraba kwa hekta. Vielezi ni mwinuko, mteremko, na umbali kutoka ukingo wa msitu kwa kilomita. Swali la mwenye kazi ni hilo la mwisho: je, msitu ni mzito zaidi kadiri unavyoingia ndani?

Kabla ya lolote: viwianishi

Kazi nyingi huharibika hapa, na huharibika kimyakimya. Ramani za zamani za 1:50,000 za Tanzania zimechorwa kwa datumu ya Arc 1960. GPS ya mkononi, usipoibadilisha, hutoa WGS84. Katika eneo letu tofauti ya datumu hizo mbili ni karibu mita 300, zaidi kwa upande wa kaskazini na kusini. Umbali kati ya ploti zetu ni mita 250. Kwa hiyo klasta iliyochukuliwa kwenye ramani ikichanganywa na klasta za GPS, inahama kwa zaidi ya ploti nzima, na mwinuko utakaoisomea kutoka kwenye picha ya mwinuko utakuwa wa mahali pengine. Kwenye miteremko ya Usambara mita 300 zinaweza kukutoa kwenye tuta hadi bondeni.

Dalili yake ni rahisi kuiona: linganisha mwinuko ulioandikwa kwenye fomu ya uwandani na ule uliosomwa kutoka kwenye picha. Klasta nzima ikikosana kwa upande mmoja na nyingine zote zikawa sawa, shuku datumu. Faili ya Arc 1960 ya UTM, kanda ya 37 kusini, ina namba ya EPSG 21037. Ya WGS84 ni 32737. Geuza kila kitu kiwe 32737, kwa mita. Usipime umbali kwa digrii.

```r
library(sf)
d <- na.omit(d)
v <- st_transform(st_as_sf(d, coords = c("lon","lat"),
                           crs = 4326), 32737)
xy <- st_coordinates(v)
d$x <- xy[,1]; d$y <- xy[,2]
anyDuplicated(xy)
```

Mstari wa `na.omit` umewekwa juu kwa sababu. `lm` huacha kimya ploti yenye pengo, halafu masalia yanakuwa 95 wakati viwianishi ni 96. Ukiyaunganisha kwa nguvu, kila salia baada ya pengo linakaa kwenye ploti ya jirani yake. Mstari wa mwisho unatafuta ploti zenye viwianishi sawa. Majibu yakiwa zaidi ya sifuri, rudi kwenye fomu. Mara nyingi mtu alinakili mstari wa juu. Usipolimaliza sasa, modeli ya hatua ya mwisho itakataa kufanya kazi kwa kulalamikia umbali wa sifuri.

Ramani ya masalia, kisha variogramu

Anza na modeli ya kawaida na uchore masalia yake juu ya ramani: duara kubwa kwa salia kubwa, rangi moja kwa chanya na nyingine kwa hasi.

```r
m1 <- lm(G ~ mwinuko + mteremko + ukingo, data = d)
v$r1 <- resid(m1)
plot(st_geometry(v), pch = 19, cex = abs(v$r1) / sd(v$r1),
     col = ifelse(v$r1 > 0, "blue", "red"))
```

Angalia kwa utulivu kabla ya kukimbilia jaribio. Katika mfano wetu klasta nne za uwanda wa juu ni hasi karibu zote, klasta za miteremko ya kati ni chanya, na za miguuni mwa milima, mita 250 hivi kutoka usawa wa bahari, ni hasi tena. Ramani hiyo tayari inasema mambo mawili ambayo namba moja ya jaribio haiwezi kusema. Tutayarudia.

Ramani inaonyesha wapi. Variogramu inaonyesha ni hadi umbali gani. Inachukua kila jozi ya ploti, inatafuta tofauti ya masalia yao, inaipiga kipeo cha pili, inaigawa kwa mbili, kisha inatoa wastani kwa kila daraja la umbali. Namba ndogo maana yake ploti zinafanana.

```r
library(gstat)
plot(variogram(r1 ~ 1, v, boundaries =
  c(125,375,625,875,1125,1375,4000,6000,9000)))
```

Mipaka ya madaraja imewekwa kwa mkono, na hii ni lazima kwa ploti za klasta. Ukiiachia programu ijichagulie, itagawanya umbali kwa vipande sawa na kuzisaga jozi zote za ndani ya klasta kwenye daraja moja au mawili, na umbo unalolitafuta linapotea. Sisi tunajua jozi zetu ziko wapi. Mstari wa ploti 6 una jozi 5 za mita 250, jozi 4 za mita 500, 3 za 750, 2 za 1,000 na 1 ya 1,250. Zidisha kwa klasta 16: jozi 80, 64, 48, 32 na 16. Kanuni inayotumika sana ni kutoliamini daraja lenye jozi chini ya 30, kwa hiyo nukta ya mita 1,250 isomwe kwa tahadhari.

Mfano wetu unatoa 38 kwa mita 250, 52 kwa 500, 60 kwa 750, 66 kwa 1,000, 63 kwa 1,250, na karibu 68 kwa jozi za klasta tofauti. Gawanya 38 kwa 68 kisha toa kwenye moja: masalia ya majirani wa mita 250 yana uhusiano wa takriban 0.44. Kwa mita 500 unashuka hadi 0.24, na kwa mita 1,000 umebaki kidogo sana.

Sasa tazama kile ambacho hakipo. Kati ya mita 1,250 na mita 2,750 hakuna jozi hata moja, maana hata klasta mbili zilizokaa kwenye mstari mmoja zinaacha pengo hilo katikati. Programu itapitisha mchirizi laini juu ya pengo kama vile halipo. Ikikuambia ufanano unakwisha kwenye kilomita 2, jibu hilo limetoka kwenye umbo la mchirizi, si kwenye ploti zako. Kwa mpangilio huu unaweza kusema kwa uhakika mambo mawili tu: ufanano unavyopungua ndani ya klasta, na kama klasta zenyewe zinafanana au la.

Jaribio la Moran

Namba ya Moran, I, inapima kama salia la ploti linaelekea upande mmoja na wastani wa masalia ya majirani zake. Sharti la kwanza ni kuamua nani ni jirani, na uamuzi huo uwe wako, kabla ya kuona jibu. Kwetu jirani ni ploti iliyo ndani ya mita 300. Tumeongeza mita 50 juu ya 250 kwa sababu GPS chini ya majani mazito hupotoka kwa mita kadhaa, wakati mwingine zaidi ya 10, na tukiweka 250 kamili tutapoteza majirani halali.

```r
library(spdep)
jirani <- dnearneigh(xy, 0, 300)
summary(jirani)
W <- nb2listw(jirani, style = "W")
lm.morantest(m1, W)
```

Muhtasari wa majirani usomwe kila mara. Kila ploti inapaswa kuwa na jirani mmoja, kama iko mwisho wa mstari, au wawili. Ploti isiyo na jirani inasimamisha `nb2listw` kwa ujumbe wa kosa. Ushauri unaopatikana haraka ni kuongeza `zero.policy = TRUE`, na ujumbe unaondoka kweli, ila ploti isiyo na jirani kwenye mstari wa mita 250 karibu siku zote ina kiwianishi kibovu. Irekebishe kwanza.

Tumia `lm.morantest`, si `moran.test`. Masalia ya modeli si takwimu ghafi: yamelazimishwa kujumlika kuwa sifuri na kutohusiana na vielezi vyako, kwa hiyo I inayotarajiwa bila ufanano wowote si ile ya kawaida ya −1/(n−1), ambayo kwa ploti 96 ni −0.0105, bali iko chini zaidi kidogo. Jaribio la kwanza linalijua hilo, la pili halijui.

Jibu la mfano: I = 0.41, thamani ya p chini ya 0.001. Inakubaliana na 0.44 ya variogramu, kama inavyotakiwa. Zikitofautiana sana, kwa mfano 0.05 dhidi ya 0.44, umekosea orodha ya majirani.

Kuna tabia ya kujaribu mita 300, kisha 600, kisha 1,000, na kuripoti ile iliyopendeza. Kama unataka umbali kadhaa, sawa, zionyeshe zote na urekebishe thamani za p kwa njia ya Holm. Na G ghafi usiijaribu ukadhani umepata kitu; G ya msitu hufanana kwa majirani kila mahali, na modeli yenye mwinuko ndani yake huenda imekwisha kulieleza hilo lote.

Kama unachohesabu ni idadi ya spishi au kuwepo na kutokuwepo kwa mti fulani, masalia ya kawaida hayafai. Kifurushi cha `DHARMa` huiga takwimu kutoka kwenye modeli na kutoa masalia yanayolinganishika; `testSpatialAutocorrelation` huyapima kwa viwianishi. Mantiki ya kila hatua inayofuata ni ileile.

Uliza sababu kabla ya kutafuta dawa

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Ufanano kwenye masalia ni dalili, na una vyanzo vinne ambavyo kila kimoja kina dawa yake.

Cha kwanza ni umbo lisilo sahihi. Tumeingiza mwinuko kama mstari mnyoofu. Kama G inapanda kutoka miguuni mwa milima hadi miteremko ya kati kisha inashuka au kutulia juu, mstari mnyoofu utaacha masalia hasi chini, chanya katikati na hasi juu. Kwa kuwa mwinuko umepangwa kimahali, masalia nayo yatajipanga kimahali. Ndiyo picha tuliyoiona kwenye ramani. Chora masalia dhidi ya mwinuko. Upinde ukionekana, jibu ni kuongeza kipeo cha pili cha mwinuko. Modeli yoyote ya kimahali utakayoiweka juu ya kosa hili itakuwa inalificha.

Cha pili ni kielezi kilichosahaulika. Ukataji wa magogo kwa mitambo uliendelea katika sehemu za Usambara Mashariki hadi miaka ya 1980, na alama yake bado ipo: visiki vinavyooza, njia za kuburutia magogo, na muhesi (*Maesopsis eminii*) waliojaa pale palipokuwa wazi. Klasta ya uwanda wa juu yenye salia hasi kwenye ploti zote sita inaomba uulize historia kabla ya hesabu. Zungumza na walinzi wa msitu na wazee wa vijiji vya pembeni, angalia ramani za vibali, soma safu ya visiki kwenye fomu. Ikiwa fomu haina safu ya visiki, hilo ni jambo la kurekebisha kwa upimaji ujao.

Cha tatu ni wapimaji. Klasta moja hupimwa na timu moja, mara nyingi kwa siku moja. Timu inayopima kipenyo juu ya mizizi-kuta ya mtambara na timu inayopima kwa mita 1.3 bila kujali mizizi zitatoa G tofauti sana kwenye msitu uleule, na kwenye ramani tofauti hiyo itaonekana kama ya mahali. Panga masalia kwa timu. Timu moja ikiwa juu popote ilipokwenda, hata kwenye klasta zilizo mbalimbali, chanzo kimepatikana. Kama timu moja ilipima kusini yote na nyingine kaskazini yote, hakuna hesabu itakayozitenganisha.

Cha nne ndicho ufanano halisi wa mimea yenyewe. Hondohondo humeza matunda ya muhesi na kudondosha mbegu si mbali sana, miche huota kwa makundi, mti mkubwa ukianguka hufungua mwanga kwa majirani wote. Hili halina kielezi cha kuongeza. Hapa ndipo modeli ya kimahali inapostahili.

Katika mfano tumeongeza kipeo cha pili cha mwinuko na safu ya kukatwa, yaani ndiyo au hapana. Timu hazikuonyesha tofauti.

```r
f <- G ~ mwinuko + I(mwinuko^2) + mteremko + ukingo + kukatwa
m2 <- lm(f, data = d)
lm.morantest(m2, W)
```

I imeshuka kutoka 0.41 hadi 0.17, p karibu 0.04. Variogramu mpya inaanza na 47 kwenye mita 250, inapanda hadi 55 kwenye mita 500 na kutulia kwenye 57. Sehemu kubwa ya tatizo imeondoka bila modeli yoyote ya kimahali. Kadirio la ukingo nalo limehama: lilikuwa 4.4 kwa kila kilomita, sasa ni 3.1, kosa sanifu likiwa 1.3 kote. Sababu inaeleweka: maeneo yaliyokatwa yalikuwa karibu na barabara, na barabara ziko karibu na ukingo, kwa hiyo ukingo ulikuwa umebebeshwa mzigo wa shoka.

Je, kilichobaki kina uzito?

Thamani ya p ya 0.04 haikuambii kama inafaa kuhangaika. Kipimo kizuri zaidi ni hasara ya ushahidi. Kwa kielezi kinachobadilika kati ya klasta tu, na si ndani yake, athari ya mpangilio ni takriban 1 + (m−1)ρ, ambapo m ni ploti kwa klasta na ρ ni wastani wa uhusiano wa masalia ndani ya klasta. Kwa m1 wastani wa jozi zote 240 za ndani ulikuwa karibu 0.24, hivyo athari ni 1 + 5 × 0.24 = 2.2, na ploti 96 zilikuwa na uzito wa ploti 44 hivi. Baada ya m2, wastani umeshuka hadi karibu 0.07: athari ni 1.35, uzito wa ploti 71. Bado kuna hasara, na inaumiza zaidi safu ya kukatwa, kwa sababu klasta hukatwa nzima au hukosa kukatwa nzima. Mteremko unaobadilika ploti kwa ploti ndani ya klasta hauumii kiasi hicho. Kosa lake sanifu linaweza hata kupungua.

Kwa hiyo kama swali lako lingekuwa mteremko tu, ungeweza kuishia hapa na kuripoti I iliyobaki. Swali letu ni ukingo, ambao unabadilika ndani ya klasta na kati yake pia, na t yake ni 2.4. Nafasi ya kupumua ni ndogo. Tunaendelea.

Kuchagua modeli ya kimahali

Chaguo la kweli hapa ni kati ya mbili, na umbo la variogramu ndilo linaloamua. Athari nasibu ya klasta inadai kwamba ploti zote za klasta moja zinafanana kwa kiwango kilekile, ziwe mita 250 au 1,250. Variogramu yake ni tambarare ndani ya klasta, kisha inaruka juu kwenye jozi za klasta tofauti. Uhusiano unaopungua kwa umbali unadai kinyume: nukta zinapanda ndani ya klasta hadi kuufikia wastani wa jumla. Yetu inapanda kutoka 47 hadi 57 ndani ya klasta na haina mruko baadaye. Ni ya pili.

```r
library(nlme)
g0 <- gls(f, data = d)
g1 <- gls(f, data = d, correlation =
  corExp(c(300, 0.3), form = ~ x + y, nugget = TRUE))
g2 <- lme(f, random = ~ 1 | klasta, data = d)
AIC(g0, g1, g2)
```

Namba mbili ndani ya `corExp` ni mahali pa kuanzia: masafa kwa mita na sehemu ya nageti, yaani tofauti iliyopo hata kwa ploti zinazokaribiana kabisa. Usipozitoa, programu hujichagulia, na mara nyingi hugota kwenye masafa ya ajabu. Zote tatu zimekadiriwa kwa REML, njia ya kawaida ya kifurushi hiki, na inafaa kwa kuwa vielezi ni vilevile. Ukitaka kulinganisha vielezi tofauti weka `method = "ML"`.

Mfano: AIC ni 668, 664 na 665. Kati ya g1 na g2 tofauti ya 1 si kitu, kwa hiyo uamuzi unabaki kwa umbo la variogramu na kwa unachokijua kuhusu msitu. Masafa ya g1 ni mita 200 na nageti 0.35. Hapa wengi hukosea kusoma: mita 200 si umbali ambao ufanano unakwisha. Katika umbo hili uhusiano hushuka hadi asilimia 5 hivi ya ulipoanzia baada ya mara tatu ya masafa, yaani mita 600. Kwenye mita 250 uhusiano ni 0.65 × exp(−250/200), karibu 0.19, unaolingana na I ya 0.17.

Kadirio la ukingo ndani ya g1 ni 3.0, kosa sanifu 1.55. Kadirio halikuhama, uhakika ndio umepungua, t sasa ni 1.9. Ndivyo inavyopaswa kuwa pale kielezi kilichosahaulika kimekwisha kushughulikiwa. Kama kadirio lenyewe lingeruka kwa nusu au kugeuka ishara, hiyo ni dalili kwamba modeli ya kimahali inagombania nafasi na kielezi chako, na unarudi kwenye vyanzo vinne.

Mgombano huo ni mkali zaidi kwa njia inayopendwa sana, ya kuweka uso laini `s(x, y)` ndani ya GAM. Ni nzuri kwa kutabiri na kwa kuchora ramani. Kwa kueleza ni ya hatari: mwinuko wa Usambara ni uso laini wa mahali, umbali wa ukingo pia, na uso wa x na y utazimeza athari zao bila kukuonya. Modeli zinazoweka G ya jirani kama kielezi cha G nazo hazifai hapa, maana ploti haisababishi uzito wa ploti iliyo mita 250 mbele yake.

Kupima upya

Ukichukua `resid(g1)` na kuipima kwa Moran utaona ufanano uko palepale, na utadhani modeli imeshindwa. Haijashindwa. `gls` haiondoi ufanano kwenye masalia ghafi, inauhesabu. Yanayotakiwa kupimwa ni masalia yaliyosawazishwa:

```r
v$rn <- resid(g1, type = "normalized")
moran.mc(v$rn, W, nsim = 999)
```

Mfano unatoa I = −0.02, p = 0.52. Variogramu ya masalia haya inapaswa kuwa tambarare kwenye 1. Ikipanda bado, umbo la uhusiano halikufaa, jaribu `corSpher`. Ikishuka kwa umbali, masafa yamezidishwa.

Kama lengo ni kutabiri G mahali pasipopimwa, kipimo kingine kinahitajika. Kuacha ploti moja nje na kuitabiri kwa 95 zilizobaki ni kujidanganya, kwa sababu majirani zake wa mita 250 wamebaki ndani. Acha klasta nzima nje, zamu kwa zamu, mara 16, na kosa utakalolipata ndilo la kuwaambia watakaoitumia ramani.

Kwenye ripoti andika datumu na kanda, orodha ya majirani na umbali wake, I kabla na baada ya kuongeza vielezi, masafa pamoja na nageti, na kadirio la ukingo kutoka m1, m2 na g1 yakiwa sambamba kwenye jedwali moja. Taja pia pengo la mita 1,250 hadi 2,750. Kama kuna fedha ya kurudi msituni, ploti chache zilizowekwa kati ya klasta mbili au tatu, kwenye umbali huo uliokosekana, zitakueleza zaidi kuliko klasta mpya kamili; na jozi chache za mita 50 hadi 100 zitakuonyesha kama ile nageti ya 0.35 ni msitu wenyewe au ni kosa la upimaji.